Mwaka Bado Haujamfikia Kaka

Studio ya redio ilinuka kahawa iliyopoa na soksi za watu waliokesha. Kasuku, mtangazaji aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, alikuwa amekigandia kiti tangu jana saa saba mchana, alipoukaribisha mwaka mpya pamoja na watu wa Kiritimati, kisiwa cha Kiribati kinachoitangulia dunia nzima. Tangu hapo, kila usiku wa manane ulipoangukia nchi nyingine, alipiga simu huko, akapiga na kelele. Sasa ilikuwa saa saba mchana tena. Hawaii walikuwa wanarukaruka.

Mhariri akaingia. Walimwita Breki, maana kila jambo likifika kwake husimama.

"Funga kipindi. Siku nzima, dunia nzima. Tumemaliza."

"Siku imeisha, bosi. Dunia bado. Kaka yangu bado."

Kaka yake alikuwa fundi injini wa meli ya uvuvi, iliyotia nanga Pago Pago, Samoa ya Marekani. Kila mwaka mama yao alisikia watoto wa wenzake wakitoa salamu redioni, na kila mwaka kipindi kilikatwa saa moja kabla ya zamu ya mwanawe. Safari hii Kasuku alimwahidi: mama, utamsikia.

"Samoa si tuliipongeza jana saa nane? Nilikuwepo!"

"Hiyo ni Samoa nyingine, jirani yake. Ile ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, hii ikabaki. Majirani, lakini wanapishana siku nzima. Na mstari wenyewe umepinda kama mkia wa mjusi, Kiribati waliusukuma mashariki ili visiwa vyao vyote viwe na tarehe moja. Ndiyo maana sherehe haitoshi kwenye siku moja."

"Na nani atasikiliza saa hizi?"

"Mama."

"Mtu mmoja!"

"Mmoja kwako."

"Toka kwenye kiti."

"Nitoe."

Breki akamgeukia fundi sauti nyuma ya kioo. "Weka muziki!"

Fundi sauti alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili. "Kitufe kimegoma, bosi."

"Kesho usije kazini!" Breki alimfokea Kasuku.

"Kesho ni mapumziko yangu. Asante."

Wakakaa hivyo, Kasuku akiongea hewani bila kumeza mate, Breki akivimba mlangoni. Ilipogonga saa nane, simu ya Pago Pago ikaunguruma.

"Mama? Ni mimi. Huku ndio kwanza mwaka unaingia!"

Laini ya pili ikaita. Fundi sauti akaichomoa mikono yake, akaifungulia laini hiyo. Vigelegele vya mama vilijaa studio, halafu kilio, halafu, "Umekula, mwanangu?"

Breki alikohoa, akatazama dari kwa muda.

"Haya. Umemaliza sasa?"

"Bado saa moja. Visiwa vya Baker na Howland. Huko ndio mwisho kabisa."

"Huko anaishi nani?"

"Hakuna mtu. Ndege tu."

Kasuku akaivuta maikrofoni karibu na mdomo. "Ndege wa Baker, jiandaeni. Mwaka huu haachwi mtu."