Mkunga wa Betri

Mtaa mzima ulijua: betri ikivimba, mpelekee Sindano. Mafundi wengine wangekwambia ununue mpya. Yeye angeifungua simu, aitazame betri iliyojaa kama shavu la mwenye jipu, acheke na kusema, "Hii ina mimba, na mimi ndiye mkunga." Angetoa sindano yake ya kushonea, atoboe pembeni, gesi ipumue, aibane betri kwa vidole, abandike utepe, kifuniko kirudi mahali pake. Mteja aondoke anachekelea. Jina la utani lilimkaa vizuri, naye alilivaa kama medali.

Mwenzake kibandani alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mtu mzito wa maneno, ambaye aliweka ndoo ya mchanga mlangoni. Sindano aliiita ndoo hiyo "choo cha paka".

Mchana huo mwalimu mmoja wa sekondari alileta laptopu isiyofungika. Pale pa kupitishia kidole pamenyanyuka, na mfuniko wa chini umeachana na skrubu zake.

"Huwa unaichomoa kwenye umeme?" shemeji aliuliza.

"Niichomoe ya nini? Inakaa kwenye chaja mwaka mzima, juu ya meza, dirishani."

"Basi ndiyo hiyo. Imeshiba muda wote, na jua linaipiga." Shemeji alifungua skrubu, akaitoa betri. Vipande vitatu bapa, kimoja kimetuna kama mto wa mtoto. "Mwalimu, ndani humu mna karatasi za madini zimepangwa tabaka kwa tabaka, na katikati utando mwembamba kama ganda la kitunguu, vyote vimelowa maji ya dawa. Joto, uzee, chaja mbovu, kukaa imejaa wakati wote, vyote hivyo huyaozesha hayo maji, yakageuka gesi. Mfuko umezibwa, gesi haina pa kutokea. Ukiona uvimbe, ujue kimeshaanza kuoza ndani. Hakitibiki. Kinazikwa."

"Kitalipuka?" Mwalimu alivuta stuli nyuma.

"Si lazima. Vingi hukaa hivyo bila kufanya lolote. Lakini huwezi kujua kipi."

"Shemeji, unamtisha mteja bure," Sindano alisema. "Ni upepo tu. Mtu akijaa upepo tumboni unamzika?"

"Usiiguse hiyo, shemeji. Bado ina chaji."

"Za simu nimetoboa mpaka mikono imeota sugu. Nipe dakika."

Shemeji aligeuka kutafuta betri mpya kwenye rafu. Sindano alimkonyeza mwalimu, akachukua sindano, akachoma.

Gesi ilitoka, pssss, kama kawaida. Harufu tamu ikajaa kibandani, kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Sindano alitabasamu. Kisha akahisi joto kwenye ncha za vidole, na sauti haikukoma. Mfuko ulianza kujinyonga wenyewe juu ya sinia la bati, moshi mweupe ukachungulia kwenye tundu.

"Toka, mwalimu! Toka!" Shemeji alilinyakua sinia kwa koleo, akalirusha barabarani. Betri haikuwa imetulia juu ya lami ilipotoa mwali mrefu, uliopiga mluzi kama birika lililosahaulika, kisha kipande cha pili kikafuata cha kwanza, na cha tatu. Ndoo ya mchanga ikamwagwa juu. Moshi uliendelea kupenya katikati ya mchanga, mzito, mchungu kooni.

Mwalimu alikuwa ameshikilia nguzo ya kibanda. Shemeji alipuliza kiganja chake, kilichoungua alipomwaga mchanga.

"Sindano yako imepita mfuko ikafika ndani," alisema, bila kupandisha sauti. "Imeutoboa utando, tabaka mbili zikagusana. Na hata ukikosa kuzigusanisha, unaingiza hewa na unyevu. Utepe wako hauzuii kitu. Inaoza upya, polepole, mpaka siku yake."

Sindano hakusikia mwisho wa sentensi. Utepe. Rangi ya kijani. Mama.

Wiki iliyopita aliitoboa betri ya simu ya mama yake, akaibandika utepe wa kijani, akamwambia, "Sasa iko kama mpya, Mama." Naye Mama, kila baada ya chakula cha mchana, hufunga mlango kwa komeo, hufungulia redio kwa sauti kubwa maana masikio yamemchoka, huichomeka simu kwenye chaja, huiweka chini ya mto, hulala.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Kisha akawaza kuwa mlio wenyewe unaitikisa chini ya kichwa chake, akaogopa kupiga tena.

Alikimbia. Shemeji alimwita, hakugeuka. Kila alipoona moshi wa jiko kwenye paa la mtu, alizidisha mbio.

Nyumba ilikuwa kimya kwa nje, redio ikiunguruma ndani. "Mama! Mama, fungua!" Alipiga mlango kwa ngumi, kwa bega. Mlango wa mbao nzito. Yeye mwenyewe ndiye aliyetia komeo hilo, akijisifu kuwa hata mwizi mwenye nyundo atachoka. Alizunguka dirishani. Kupitia nondo na wavu alimwona Mama amelala ubavu, shavu juu ya mto, na waya mweupe wa chaja ukiingia chini ya shavu lile.

"Mamaaa!"

Redio ilimjibu kwa matangazo ya sabuni.

Harufu ile tamu. Aliisikia, au alidhani ameisikia; pua yake haikuaminika tena. Ndipo macho yake yakaangukia kisanduku cha mita ukutani. Alishika swichi kuu, akaiteremsha.

Redio ilizimika. Na Mama, aliyeweza kulalia kelele za dunia nzima, akaamshwa na ukimya.

"Nani kakata umeme?" aliuliza, akijiinua kwa kiwiko.

"Mimi, Mama! Fungua mlango, utoke! Simu usiiguse!"

"Husalimu wala hujui kupiga hodi..." Lakini aliona uso wa mwanawe kwenye nondo, akaenda kufungua.

Sindano alimsukuma nje kwa upole wa mtu aliyekaribia kulia, akaingia peke yake. Aliinua mto kwa ncha. Simu ilikuwa ya vuguvugu, kifuniko kimebenuka, utepe wa kijani umepasuka katikati. Hakuibonyeza. Aliisukuma kwa kijiko cha mbao ndani ya sufuria, akaitoa uani, akaiweka juu ya saruji, mbali na kila kitu, akarudi nyuma mgongo ukigusa ukuta.

Walisimama wakiitazama. Haikufanya kitu. Haikutoa moshi wala mwali. Ilikaa tu, imevimba, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Si uliniambia iko kama mpya?" Mama aliuliza.

"Nilikudanganya. Nilijidanganya kwanza."

Mama alimshika mkono. "Umezitengeneza ngapi hivyo, mwanangu?"

Sindano aliwaona wateja wake wakimpita kichwani wanachekelea: muuguzi wa zahanati, muuza viatu, yule dada mwenye mapacha ambao hulala na katuni za simu mikononi.

Alitoa simu yake mfukoni, akaanza na mwenye mapacha. Iliita. Iliita.

"Haloo? Mkunga! Leo umenikumbuka?"

"Dada," alisema. "Simu yako nyingine, ile niliyotoboa. Iko wapi sasa hivi? Watoto wako wapi?"