Pini, Kengele na Kitabu Kimoja

Othmani alipoingia kwenye duka la Gathoni la vitabu vya mitumba, mjini Nyeri, alienda moja kwa moja hadi kwenye kitabu kinene kuliko vyote. Akakiinua kwa mikono miwili, akakipima uzito kama anavyopima paja la mbuzi kwenye bucha yake kule Gatitu, akaridhika.

"Hii ndio kitabu," alisema. "Hapa pesa imeenda mahali."

Binti yake Rehana aliuma ulimi. Alikuwa mwaka wa kwanza wa udaktari Nairobi, na maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alikuwa ameanguka anatomia, na baada ya wiki tatu angefanya mtihani wa marudio. Akianguka tena, angerudia mwaka mzima, na karo ya mwaka wa ziada haikuwepo wala haingetoka popote. Baba alikuwa na pesa ya kitabu kimoja, basi.

"Baba, hicho kiko laibrari. Mimi nilitaka tulipie benki ya maswali, ya kwenye simu. Darasa yote wanatumia."

"Ati unanunua maswali? Na majibu nani atakuuzia?"

Gathoni, aliyekuwa ameuzia wanafunzi wa udaktari vitabu tangu nywele zake zikiwa bado nyeusi, alicheka mpaka akashika meza. "Majibu iko ndani, Othmani. Lakini wewe msichana, ulianguka wapi? Insha, maswali ya kuchagua, ama pini?"

Rehana aliona haya. Insha alipata hamsini na sita. Maswali ya kuchagua, sabini na moja. Pini, ishirini na tisa.

Mtihani wa pini hauna huruma. Vipande vya maiti hupangwa mezani, kila kimoja kimechomwa pini, nawe una dakika moja ya kuandika jina la kilichochomwa kabla kengele haijalia usonge mbele. Rehana alikuwa amesomea michoro ya simu, ambamo ateri ni nyekundu, vena ni buluu na mishipa ya fahamu ni ya manjano. Ukumbini kila kitu kilikuwa kahawia iliyochujuka. Mtoto wa watu alisimama mbele ya mkono wa maiti akitafuta manjano, mpaka kengele ikalia.

Sasa, akitazama zile alama, alikiri moyoni kwamba benki ya maswali aliipenda kwa sababu ilimsifu. Ya rafiki yake alikuwa ameirudia hadi akakariri majibu. Kununua nyingine ni kununua sabini na moja aliyokuwa nayo tayari.

Gathoni alivuta atlasi nyembamba ya mwili wa binadamu, yenye jalada lililobandikwa selotepu. "Hii haikuchorwa. Ni picha za maiti yenyewe. Ni ya zamani, lakini mkono ya mtu haijabadilika."

Othmani aliifungua kwa dharau. "Hakuna maandishi, ni majina tu!" Akafunua, akafunua, kisha akasimama kwenye picha moja. Akaipeleka mlangoni penye mwanga.

"Hii naijua," alisema polepole, kidole kwenye picha ya kiwiko. "Hii ni ya damu, ukikata iko na shimo. Hii ingine haina shimo. Na hii ngumu inashika mfupa."

Rehana alisoma majina pembeni. Ateri, mshipa wa fahamu, kano. Yote matatu sawa.

"Umejuaje bila rangi, baba?"

"Rangi ya nini? Unaangalia imetoka wapi, imelala kando ya nini, inaenda wapi."

Rehana alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Miaka kumi na tisa amekaa nyumba moja na mwalimu bila kumjua.

Walinunua atlasi. Kila asubuhi kabla ya wateja, Othmani alimwekea mkono wa mbuzi mezani ili afuatilie kamba moja moja. Mbuzi si mtu, kwa hiyo majina aliyatafuta kwenye atlasi, akayafunika kwa vipande vya karatasi na kujitahini. Kitabu kinene alikisoma laibrari siku chache kabla ya mtihani.

Siku ya mtihani wa pini, kituo cha nne kilikuwa kiwiko. Kamba tatu, zote kahawia. Ya nje ilishika mfupa: kano. Katikati, ateri. Pini ilikuwa kwenye ile ya ndani. Aliandika jina la mshipa wa fahamu kabla kengele haijalia.

Matokeo yalipotoka alipiga simu Gatitu.

"Baba, pini nimepata sitini na mbili."

Upande wa pili shoka lilinyamaza. Mteja mmoja alilalamika kuhusu nyama yake, akaambiwa angoje.

"Sitini na mbili," Othmani alirudia. "Kwa hivyo tumepita?"

"Tumepita, baba."