Ndoa Iliyotangulia

Mama Magauni alikuwa akifumua kiuno cha gauni jeupe, wembe mkononi, pini zimebanwa midomoni, mwanamke aliposimama mlangoni mwa duka bila kubisha. Wateja wa magauni ya harusi huingia macho juu, wakitazama yaliyotundikwa. Huyu alitazama sakafu, akatazama dari, kisha akapeleka macho mlango wa nyuma, unaoingia nyumbani. Alikuwa kama mtu anayepima chumba kabla hajahamia.

Mama Magauni alitema pini kiganjani. Hawakuwahi kuonana, lakini sura aliijua, maana alikuwa ameitazama wiki nzima kwenye picha hadi akaiota. Huyu ndiye mke wa kwanza wa mumewe, ambaye yeye hakuwahi kusikia kwamba yupo. Watu wa mtaa walishampa jina. Walimwita Bi Mkubwa, na walipolitamka mbele ya Mama Magauni walilivuta kidogo ili limchome vizuri.

Ni Mama Magauni mwenyewe aliyekuwa amemtumia salamu kupitia dobi mmoja wa hospitali alikofua Bi Mkubwa, amwambie kwamba anaomba waonane. Alitarajia kusubiri, pengine kupuuzwa. Kumwona amefika upesi namna ile hakukumfurahisha. Kulimtia wasiwasi.

Mambo yalikuwa hivi. Mumewe, ambaye wengi walimjua kama Mzee wa Maturubai kwa sababu ya mahema na viti alivyokodisha, alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine kabisa, kijana. Mama Magauni akavumilia hadi uvumilivu ukamwishia, akaenda mahakamani kuomba talaka na mgawanyo wa mali: nyumba, duka, mahema, viti. Vyote walivichuma pamoja na vyote viliandikwa jina la mume. Yeye alidhani mume atabisha juu ya viti. Mume hakugusa habari ya viti. Alijibu kwamba hakuna cha kuvunja, kwa kuwa hakuna ndoa. Alipomwoa Mama Magauni, alisema, tayari alikuwa na mke wa ndoa ya serikali, ndoa ya mke mmoja, ambayo haijavunjwa hadi leo. Akaambatanisha cheti, na juu ya cheti picha ya harusi.

Wakili wa Mama Magauni, mwanamke mpole aliyekuwa na ofisi juu ya duka la dawa, alimweleza bila kumpaka mafuta. Mtu mwenye ndoa ya mke mmoja hawezi kuoa tena. Akioa, hiyo ya pili ni batili tangu siku ilipofungwa, hata kama bibi harusi hakujua, hata kama wameishi na kuzaa. Huyo mume amekiri kosa la jinai ili aokoe nyumba, alisema wakili, na hilo linaonyesha jinsi anavyoipenda nyumba.

Mama Magauni aliuliza kwanza habari ya watoto. Binti yake mkubwa alikuwa amesikia maneno ya mtaani na kumuuliza jikoni kama wao sasa ni watoto wa nje. Wakili alitikisa kichwa. Ndoa ikianguka, watoto hawaanguki nayo. Matunzo yao ni juu ya baba, na urithi wao uko palepale. Anayepoteza ni yeye. Akiwa mke, mahakama itagawa mali ya ndoa na kuhesabu hata kazi za nyumbani. Asipokuwa mke, atabaki kudai kama mtu aliyechangia mali ya mwenzake, tofali kwa tofali, na kila tofali atatakiwa kulithibitisha.

“Una risiti za matofali, mama?”

Hakuwa nazo. Nani huweka risiti ya tofali la nyumba anayolala na mumewe?

Basi akabaki na ile picha. Mwanzo aliitazama kwa wivu. Baadaye, wivu ulipochoka, aliitazama kama fundi. Alikuwa ameyapunguza magauni ya maharusi wembamba miaka mingi, na maharusi wembamba aliwajua. Gauni humpwaya mwanamke mwembamba kiunoni, lakini mabega hukaa. Kwenye picha mabega ya gauni yalining’inia nje ya mabega ya mtu, na makwapa yalishuka hadi mbavuni. Kifuani kitambaa kilikuwa kimekunjwa na kubanwa pini kwa ndani. Glovu ndizo zilizomkosesha usingizi. Ncha za vidole zilikuwa tupu, zimelala upande, kwa sababu vidole vya mvaaji havikufika. Cheti kilisema bibi harusi ana miaka kumi na tisa.

Alipeleka shaka yake kwa wakili, naye akaacha kuandika. Picha si ushahidi wa umri, alisema, lakini kama msichana alikuwa chini ya kumi na nane siku ile, sheria haikumruhusu mtu yeyote kumwoza, mzazi aridhie asiridhie. Ndoa ya kwanza itakuwa ndiyo batili. Na kama haikuwapo, mwanamume alikuwa huru alipomwoa Mama Magauni.

Mama Magauni akauliza kama kasoro nyingine yoyote ingefaa, mathalani kwamba waliachana kabla hawajajuana kimwili. Wakili akasema hapana, hiyo ni aina nyingine. Ziko ndoa zinazoweza kubatilishwa, lakini hizo ni ndoa halali hadi mahakama ibatilishe kwa ombi la mmoja wa hao wawili. Isipobatilishwa inasimama, na ikisimama inamzuia mume kuoa. Wao walihitaji ile ambayo haikuzaliwa kabisa.

Sasa mwenye vidole vilivyokuwa vifupi alikuwa amesimama mlangoni, amejaa, mwanamke mzima mwenye mikono iliyochubuliwa na sabuni.

“Karibu, dada,” alisema Mama Magauni.

“Tunaitana dada?” Bi Mkubwa aliketi bila kuonyeshwa kiti. “Nimeambiwa wewe ndiye unayeniita marehemu.”

Kumbe huko kwake mume alikuwa amepeleka habari nyingine: kwamba Mama Magauni anataka kuthibitisha kwamba hakuna mke wa kwanza, ili mtoto wa kiume wa Bi Mkubwa, ambaye sasa ni fundi umeme, asiwe na baba. Na kwamba mume akishinda kesi, huyo mwanawe atapewa chumba kimoja cha ile nyumba. Bi Mkubwa aliyasema hayo huku akimtazama usoni, akisubiri kuona lipi litamshtua. Mama Magauni naye alimtazama, akijiuliza kama ametumwa kuja kusikiliza watakayojibu mahakamani. Mtu aliyeahidiwa chumba hufanya nini kwenye duka la mwenye nyumba?

Alichagua kumweleza lile ambalo halikuwa siri, yaani kwamba mtoto hapotezi baba kwa sababu ndoa ya wazazi imebatilika, na kwamba amwulize wakili yeyote, hata wa upande wa mume. Bi Mkubwa alisikiliza kichwa kimeinama. Kisha akamuuliza, kama hilo ni kweli, Mama Magauni anamhitaji kwa lipi?

Mama Magauni akatoa nakala ya picha mfukoni mwa aproni, akaiweka juu ya gauni lililofumuliwa. Aliweka kidole chake kwenye zile ncha tupu za glovu.

Bi Mkubwa aliinama juu ya picha. Nje mtu alikuwa akiita bei za viatu.

“Zilikuwa za mwalimu,” alisema hatimaye. “Mama aliziazima. Aliniambia nikunje ngumi, mpiga picha akanikunjua.”

“Ulikuwa na miaka mingapi, mwenzangu?”

“Miaka ya kwenye cheti alinipa mama.”

“Nakuuliza yako.”

Bi Mkubwa aliigeuza picha ikalala kifudifudi. Alisema alikuwa na miaka kumi na minne. Mwanamume alijua, kwa sababu alikuwa akikutana naye njiani akitoka shule na kumtania kwa sare yake. Bi Mkubwa aliondoka kwake mwaka uliofuata akiwa na mimba, na hakuna aliyemfuata hadi mwaka huu, mwanamume alipokuja na soda na maneno matamu, akimwita mke wangu. Hakuwahi kuitwa hivyo hata walipokuwa wakiishi pamoja.

Ilikuwa ndiyo kauli ambayo Mama Magauni alikuwa akiiomba usiku kucha, na ilipofika aliishuku. Imekuja kirahisi. Je, akifika mbele ya hakimu ataigeuka, ionekane kwamba amefundishwa na mke wa pili? Alimwambia waende kwa wakili sasa hivi. Alifunga duka gauni likiwa mezani, nusu lina kiuno nusu halina.

Walipanda ngazi juu ya duka la dawa, kila mmoja akimwachia mwenzake atangulie, hakuna aliyetaka kuwa na mwingine mgongoni. Wakili alimwomba Mama Magauni akae nje, ili shahidi asije kuambiwa kwamba alisimamiwa. Alikaa kwenye benchi. Kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo alisikia sauti ya wakili ikiuliza na kibodi ikijibu. Shule gani. Darasa la ngapi. Nani alizaliwa kabla yako, nani baada. Kisha simu ya Bi Mkubwa ikaita, na kibodi ikanyamaza.

“Niko kazini,” alisema Bi Mkubwa kwenye simu. “Ndiyo. Sijamwona. Nitakupigia.”

Mama Magauni alishika ukingo wa benchi. Amemdanganya yule wa kwenye simu, hilo ni wazi. Lakini mtu anayedanganya upande mmoja kwa ulaini ule hashindwi upande wa pili.

Wakili alimwita ndani. Kiapo kilikuwa kimefika katikati, kwenye aya ya umri. Alieleza kwamba neno la Bi Mkubwa peke yake litapingwa, kwa sababu cheti kina saini ya mzazi aliyeapa kwamba bintiye ni mtu mzima. Wangetafuta rejesta ya shule, lakini mwenye kauli nzito ni aliyeongeza ile miaka. Mama yake Bi Mkubwa bado yupo hai.

“Atasema?” aliuliza Mama Magauni.

“Mama yangu hajakosea hata siku moja,” alisema Bi Mkubwa, na hapo ndipo walipomsikia akicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi kikavu. “Kwake mimi ni mke wa mtu. Ndicho alichobaki nacho cha kuwaambia majirani. Mnataka nikamwambie kwamba siku ile haikuwapo.”

“Siku ilikuwapo,” alisema wakili taratibu. “Ndoa ndiyo haikuwapo.”

Bi Mkubwa alilifikiria hilo. Hakusaini. Alisema hatatia mkono kwenye karatasi inayomtaja mama yake kabla hajamwangalia machoni, na kwamba atakwenda kwake jioni hii na kumleta kesho asubuhi, kama atakubali kuletwa. Mama Magauni alijitolea kumsindikiza. Bi Mkubwa alimwangalia kwa namna iliyomfanya asirudie.

“Huniamini.”

“Na wewe huniamini.”

“Basi tuko sawa,” alisema Bi Mkubwa, akajifunga kanga na kushuka ngazi.

Kutoka dirishani Mama Magauni alimwona akitoa simu. Aliishika mkononi, akavuka barabara bila kuipeleka sikioni, na alipofika kwenye kona hakuonekana ameelekea kulia au kushoto, kwa sababu lori lilikuwa limesimama mbele. Nyuma yake wakili aliuliza kama ahifadhi kazi ilipofikia.

“Hifadhi,” alisema Mama Magauni. “Acha nafasi ya mama yake.”