Midomo ya Bathsheba

Mimi nafundisha Kiswahili, lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa, na sioni haya kusema kwamba Kifaransa kinanikera. Herufi tano zinaandikwa, inasomwa moja, hizo nyingine zimekaa tu kama wageni wa matanga wanaongoja chakula. Lakini Loice Nyanchera nilimpenda kama mdogo wangu, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa Kifaransa. Basi alipopata shida, shida ikawa yangu pia.

Shida yenyewe ilitamkwa na mwalimu mkuu mbele yetu sote, tukiwa na chai mkononi. Alisema kundi la Kifaransa lisipovuka mashindano ya kaunti pale Kisii mjini, mwakani somo hilo linafutwa. Hakumtazama Loice. Hakukuwa na haja, kwa sababu kila mtu alijua Loice hakuajiriwa na serikali. Shule ndiyo iliyomchukua, na ilimchukua kwa somo hilo moja. Somo likifa, anarudi Sironga kwa mamake, pamoja na mtoto wake. Nilikasirika hata chai ikanishinda. Maneno ya namna hiyo mtu huambiwa ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Loice hakulia. Alitunga shairi. Lilikuwa la kughaniwa na wasichana wengi kwa pamoja, nalo lilihusu mto Gucha, unaopita chini ya shule yetu huku Ogembo ukiwa mwekundu kila mvua ikinyesha. Mstari wa kwanza alitakiwa kuughani msichana mmoja peke yake, wengine wakiwa kimya: *Où cours-tu, rivière rouge, sous la lune ?* Maana yake, unakimbilia wapi, ewe mto mwekundu, chini ya mwezi?

"Mbona umejitafutia makubwa?" nilimwuliza. "Kuna sauti mbili humo zinazowashinda."

"Ndiyo maana, Masese," akasema. "Waamuzi watasikiliza hizo hizo. Afadhali niziweke mbele kuliko kuzificha."

Mazoezi yalifanyika nyuma ya jumba la kulia, karibu na kuni. Sauti ya *ou* haikumtoa mtu jasho, kwa sababu ni u yetu ya Kiswahili, ya *uji* na *kuku*. *Où*, *rouge*, *sous*, zote zilitoka vizuri siku ile ile. R ndiyo iliyotutesa. Wasichana waliipiga kwa ncha ya ulimi, kama wanavyosema *rudi*. Loice akawaambia ncha ya ulimi ilale nyuma ya meno ya chini, isifanye kazi yoyote, kazi ifanywe na shina la ulimi huko nyuma kooni. Wakajaribu. Wengine walikohoa, mmoja akatapika uji.

Hapo ndipo nilipoingilia. "Gesare," nilimwita msichana mmoja, "sema *omogaka*." Hilo ni neno la Ekegusii, maana yake mzee. Akalisema, na ile g yake ikapita laini bila kugonga popote, kama Mgusii yeyote anavyoisema. "Umesikia g hiyo? Ni ndugu ya gh ya *ghali*. Sasa irudishe nyuma kidogo, halafu usiikaze."

Gesare akasema *rouge*. Loice alinishika mkono kwa nguvu. Miaka yote wale watoto wamechekwa redioni na mijini kwa g hiyo, kumbe ilikuwa mlango wa Kifaransa. Loice akaongeza kwamba katika *cours-tu*, kwa kuwa r inafuatwa na t, inakauka na kukaribia kh ya *kheri*. Kufikia jioni kundi zima lilikuwa likinguruma.

Ikabaki u. Hii inaandikwa u lakini si u, wala si i, na asiyeijua huangukia moja kati ya hizo mbili. "Semeni i," Loice aliwaambia. "Shikilieni. Ulimi ubaki hapo hapo mbele, usirudi nyuma. Sasa kunjeni midomo peke yake, iwe duara, kama mtu anayetaka kupiga mbinja." Na hapo kundi zima likafunika midomo kwa viganja na kucheka.

"Mwalimu, msichana hapigi mbinja," alisema Gesare. "Nyanya yangu anaweza nichapa."

"Hatupigi. Tunakunja tu."

"Hiyo kukunja ndio mbaya sasa!"

Aliyeipata kwanza alikuwa Bathsheba, mtoto wa Mzee Anyona wa Kenyenya, msichana mpole ambaye hata akijibu swali darasani humjibu mwalimu akitazama dawati. Alifumba macho, akasema i, akasogeza midomo mbele, ikatoka *tu*. Kisha *lune*. Safi kabisa. Mimi nisiyekipenda Kifaransa nilisisimka. Loice akampa mstari wa kwanza papo hapo, na kwa wiki zilizofuata sikumsikia akikosea hata mara moja.

Siku ya mashindano tulifika Kisii mapema, tukafanya zoezi la mwisho kando ya basi la shule. Bathsheba aliughani mstari wake hata wanafunzi wa shule nyingine wakageuka. Loice alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile chai ya mwalimu mkuu.

Ndipo akaja Mzee Anyona. Alikuwa amevaa suti ya kanisani, ile ya Sabato, na viatu vimefutwa matope kwa majani. Hakuwahi kuja shuleni hata siku ya wazazi. Bathsheba ndiye aliyemwomba aje, kwa simu ya matroni, na mzee alikuwa ameacha majani ya chai shambani yakimngoja. Msichana alimwamkia akiwa ameinamisha kichwa, amevuta midomo ndani hadi ikawa mstari. Mzee akaenda polepole kujitafutia kiti, akigeuka kututazama.

"Turudie mara moja," Loice akasema.

Bathsheba akaanza. Ilitoka *ti*. Ikatoka *line*. Loice akamwambia atulie, avute pumzi, aanze na i. Alianza na i, akabaki nayo. Midomo ilikataa kwenda mbele. Akarudia, akarudia, machozi yakaanza kumlenga. Loice alidhani ni woga wa jukwaa, akakimbia kumtafutia maji.

Mimi nilijua, kwa sababu na mimi nimezaliwa huku. Kwetu kati ya baba na mtoto wake kuna chinsoni, yaani ile heshima na haya inayowatenga wazazi na watoto. Baba hataniani na bintiye, na binti hafanyi mbele ya baba jambo lolote la kuuonyesha mwili kama mchezo. Kukunja midomo namna ile mbele ya Mzee Anyona, tena jukwaani, watu wakitazama? Afadhali Bathsheba angemeza kalamu. Hakuna kitabu cha Kifaransa kinachotibu jambo hilo.

Niliingia ukumbini. Kundi letu lilikuwa limeshaitwa, wasichana wanapanga foleni kupanda. Mzee alikuwa amekaa mstari wa mbele kabisa, hatua chache kutoka pale Bathsheba atakaposimama. Nilichuchumaa kando yake.

"Mzee, nina neno gumu."

"Sema, mwalimu."

"Hilo shairi la msichana linataka mdomo ufanywe hivi." Nilikunja midomo yangu, nikaona haya. "Na wewe ukikaa hapa mbele..."

Mzee alitazama viatu vyake.

"Hiyo ni chinsoni," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Basi mama yake amemlea mzuri." Akachukua kofia yake. "Lakini usimwambie nimetoka sababu gani. Hiyo si maneno ya baba na msichana."

Nikamwahidi, naye akasimama, akapita katikati ya watu akiwaomba radhi mmoja mmoja. Wasichana walikuwa wamefika jukwaani. Bathsheba alimwona akitoka. Nilimwona akimfuata kwa macho hadi mlangoni, na uso wake ukabadilika. Nilimfuata mzee nje.

Nilimkuta ubavuni mwa ukumbi, chini ya dirisha, mgongo wake ukiwa ukutani. Ndani kukawa kimya. Kisha sauti ya Bathsheba ikatoka peke yake, *Où cours-tu, rivière rouge, sous la lune ?*, na kila sauti ilikuwa mahali pake, ile u imekaa mbele nyembamba, ile ou imerudi nyuma nzito, r inapita kooni kama maji juu ya mawe. Mzee Anyona alikuwa amekunja midomo. Hakutoa sauti, alikuwa akijaribu tu, akiwa ametazama kiambaza cha choo. Aliponiona, akakohoa, akajifuta mdomo.

"Ni yeye huyo?"

"Ni yeye."

"Anasema nini?"

"Anauliza Gucha inakimbilia wapi."

"Si inaenda ziwani," akasema. "Angeniuliza."

Alisikiliza hadi makofi yakapigwa. Kisha akaniambia ana ng'ombe wa kukamua, akaenda zake stendi. Sikumzuia.

Tulikuwa wa kwanza. Mwamuzi alisema hajasikia u ya namna ile kwa watoto wa kaunti hii, na Loice akalia mbele za watu, akicheka hapo hapo. Mwalimu mkuu alimpigia simu, akampongeza, akazungumzia mwakani kana kwamba hakuwahi kusema neno. Wasichana waliimba kuelekea kwenye basi. Loice alikuwa amekikumbatia cheti kifuani.

Bathsheba hakuimba. Alinijia pale mlangoni mwa basi, Loice akiwa kando yangu.

"Mwalimu, baba ameenda?"

"Ana ng'ombe wa kukamua."

"Alitoka kabla nianze." Alikuwa akitazama chini. "Aliniona huku nje nikijaribu. Alinionea aibu, akatoka."

"Hapana, Bathsheba."

"Nilimwona, mwalimu. Ndio nikasema tu vile inatakiwa. Sikuwa tena na mtu wa kuogopa."

Niliahidi kunyamaza, na ahadi ni deni. Lakini ningemwacha mtoto alale na jambo hilo, ningekuwa mnyama. "Mimi ndiye niliyemwomba atoke," nikamwambia. "Alielewa. Hakukuonea aibu hata kidogo. Alisimama dirishani, akasikia yote."

Aliinua macho, akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akamtazama Loice na kile cheti.

"Mngeniuliza mimi kwanza," akasema. "Ningekosea, lakini baba angekuwa ndani. Ni mimi nilimwita."

Loice alikishusha cheti taratibu. Nilidhani atamwomba msamaha, au atamweleza habari za mwakani na mtoto wake huko Sironga. Hakufanya hivyo.

"Kama Mwalimu Masese hangemtoa," akasema, "ningemtoa mimi."

"Najua, mwalimu," Bathsheba akasema, akapanda basi, akaketi peke yake dirishani.