Sabini na Saba kati ya Tisini na Nne

Barua ile kwa kamati niliiandika mara nne. Ya kwanza ilijaa hasira, ya pili ilijaa majedwali, ya tatu ilikuwa na vyote viwili. Ya nne ilikuwa kurasa mbili tu. Nilishachoka, na aliyechoka haandiki porojo.

Mimi ni afisa fedha wa chama cha kuzikana. Cheo ni kikubwa kuliko ofisi: chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, meza iliyowekewa kipande cha boksi chini ya mguu, na kabati la chuma lisilofunga mpaka ulipige teke. Wanachama ni mia tatu na themanini. Kila mmoja hutoa elfu mbili kwa mwezi, na akifa, chama huipa familia yake laki nne siku hiyo hiyo. Akifikisha miaka sabini hachangii tena, ila haki yake ya kuzikwa inabaki palepale. Sheria hiyo ilipitishwa kwa makofi miaka thelathini iliyopita, na watu waliokuwa na miaka arobaini.

Mwaka wa barua ile tulizika tisa tu. Mwaka wa nyuma yake tulizika kumi na wanne. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mkuu mstaafu, tunamwita Tuendelee kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali gumu. Aliitazama taarifa ya benki, akaona milioni thelathini na moja, akatangaza kuwa hiyo ni faida ya uzima. Kila mwanachama apewe elfu ishirini na tano, alisema, ya kujipongeza kwa kutokufa. Piga hesabu: milioni tisa na nusu.

Kamati ina watu watano, na mjumbe wa wazee ni mama yangu mzazi, mwenye miaka sabini na sita. Hapo ndipo ugumu wangu ulipo. Mama alishaipangia matumizi ile elfu ishirini na tano. Godoro lake limekonda mpaka mbao za kitanda zinamhesabu mbavu. Alikwenda dukani, akalibonyeza godoro jipya kwa kiganja, akamwomba muuzaji amwekee kando hadi mwisho wa mwezi. Mimi mwanawe, kwa mshahara wa nusu siku ninaolipwa, nilikuwa nimemwahidi godoro hilo miaka miwili mfululizo. Nilipoipeleka barua kwa katibu niliona aibu, tena aibu ya kweli.

Jumamosi mchana tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, wazee wa watu wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti karibu yaguse videvu. Katibu, fundi cherehani mwenye sauti ndogo, akasoma:

"Ndugu wajumbe, fedha iliyoko benki si faida. Ni ahadi ambazo bado hazijadaiwa. Wanachama tisini na wanne wamevuka miaka sabini. Hawachangii tena, na kila mmoja tumemwahidi laki nne. Jumla yake ni milioni thelathini na saba na laki sita. Akiba ni milioni thelathini na moja, yaani inatosha maziko sabini na saba. Kumi na saba waliobaki hawana fungu lao. Riba ya benki nimeiacha nje, kwa kuwa ikishakatwa ada hubaki kiduchu. Michango ya wanaoendelea kutoa nayo nimeiacha, kwa kuwa wanajiwekea maziko yao wenyewe. Na tukisema kweli, hata sehemu ya akiba hii ni yao. Tukigawana milioni tisa na nusu, yatabaki maziko hamsini na tatu, na watakaokosa watakuwa arobaini na mmoja.

"Hatujawahi kushindwa kumlipa mfiwa, na hilo ndilo linalotudanganya. Kuweza kumzika marehemu wa wiki hii ni jambo moja. Kuweza kutimiza ahadi zote ni jambo jingine. Nashauri gawio lisitolewe, na tuuombe mkutano mkuu waliovuka sabini warudi kuchangia elfu moja kwa mwezi. Pengo litazibika polepole, baada ya miaka kadhaa."

Katibu akakunja karatasi. Feni ya darasa ilikuwa imeharibika, na jasho lilitutoka.

"Binti," alisema Tuendelee, "tunashukuru kwa elimu yako. Lakini miaka thelathini hatujakosa kumzika mtu hata mmoja. Tuendelee."

"Miaka thelathini iliyopita wengi wenu mlikuwa na arobaini, mwalimu."

"Unatuhesabia siku?"

"Nahesabu pesa. Siku sina daftari lake."

Katibu alicheka, akajikausha haraka. Wakapiga kura kuhusu gawio. Mwenyekiti na mjumbe mmoja walikubali, katibu na mwingine wakakataa. Akabaki mama.

"Dada yangu," Tuendelee alisema kwa upole, "si ulituambia habari za godoro? Au mwanao ndiye anakunyima?"

Nilitazama ubao. Kulikuwa na hesabu za kutoa, zimefutwa nusu.

Mama alinigeukia mimi. "Hawa kumi na saba ni akina nani?"

"Hatujui, mama. Hawana majina."

"Utakosaje kujua, na daftari unalo wewe?"

"Kwa sababu wanaotangulia ndio wanaolipwa. Pesa zikiisha, zinawaishia waliobaki. Kumi na saba ni wale watakaochelewa kufa."

Alihesabu kitu kwa vidole juu ya dawati. Kisha akacheka, kicheko kile cha mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Kumbe! Kila asubuhi unaniombea maisha marefu, kumbe unaniombea nisizikwe."

Hakuna aliyecheka naye. Tuendelee, ambaye ana miaka sabini na moja na anatembea kilomita tatu kila siku kwa ajili ya afya, alianza kuchezea kalamu yake.

"Mimi nimekataa," alisema mama. "Andika. Na wewe mwalimu, ulivyo mzima hivyo, ungekuwa wa kwanza kukosa."

Kwa mara ya kwanza mwenyekiti hakusema tuendelee. Alisema kikao kimefungwa.

Wenzake walipotoka, mama alibaki, akafungua kipochi chake na kuweka elfu moja mbele yangu.

"Sheria haijapita, mama. Mkutano mkuu ni mwezi ujao. Siwezi kukulipisha."

"Andika mchango wa hiari. Uandike vizuri, nisije nikadaiwa nimelala."

"Na godoro?"

"Mwambie yule muuzaji amuuzie mwenye haraka."

Nikamwandikia risiti: jina lake, namba yake ya uanachama, elfu moja tu. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wangu ulikuwa noti iliyochakaa kutoka kwenye kipochi cha mama yangu. Aliupuliza wino ukauke, akaikunja risiti mara mbili.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Alikwenda kujinyoosha kabla ya chakula. Kupitia ukuta nilisikia mbao za kitanda zikilia kila alipogeuka, na safari hii sikumwahidi kitu. Nilikaa pale jikoni nikamwombea maisha marefu, kama kila siku.