Samaki Aliyetoka Bakulini

"Dada, samaki wako katoka nje ya bakuli!" alipayuka Domo, mpinzani wangu darasani, na maabara nzima ikaangua kicheko.

Nilikuwa nimepiga hesabu ubaoni. Bakuli la duara lina nusukipenyo cha sentimita kumi, na samaki amegusa kioo cha nyuma. Mwanga hupinda ukitoka majini kuingia hewani, kwa hiyo anayetazama kwa mbele ataiona taswira ya samaki sentimita thelathini kutoka kioo cha mbele. Yaani sentimita kumi nyuma ya bakuli, juu ya meza kavu!

"Kakosea alama ya kutoa huyo," Domo akaongeza.

Nilichukua penseli ndefu, nikaisimamisha kwenye donge la udongo sentimita kumi nyuma ya bakuli, ncha ikichungulia juu ya ukingo.

"Njoo hapa. Fumba jicho moja, sogeza kichwa kushoto na kulia. Vilivyo mahali pamoja haviachani ukisogea; penseli ikiachana na samaki, nimekosea."

Mwalimu wetu wa fizikia alisogea karibu kutazama. Tulimsubiri samaki arudi kwenye punje ya chakula chake iliyonata kwenye kioo cha nyuma. Akarudi.

Domo akasogeza kichwa, tena na tena. Havikuachana hata chembe. Nikaisogeza penseli hadi kwenye kioo cha nyuma, vikaachana papo hapo.

"Mbona anaonekana mkubwa mara mbili?" akanong'ona.

"Hilo nalo liko ubaoni, mstari wa mwisho. Wewe uliishia kwenye kicheko."