Uso wa Dada Cherehani kwenye Mwili wa Kuku

Fundi wa mabango alipenda mzaha, lakini mzaha wake ulikuwa na adabu. Badala ya kumchezea rafiki yake kimyakimya, alimwandikia barua kwa simu:

"Dada Cherehani, hujambo? Siku yako ya kuzaliwa inakaribia na nataka kukutengenezea bango la kuchekesha. Naomba ruhusa ya kutumia uso wako, ule wa picha tuliyopiga dukani kwako ukiwa umefumba jicho moja. Nitaukata uso peke yake niubandike kwenye mwili wa kuku aliyevaa taji. Sitakuzeesha wala kukuvimbisha mashavu. Litatundikwa ndani ya duka lako tu, siku hiyo moja, na mtandaoni haliendi. Baada ya hapo nalichana na picha naifuta. Ukikataa, kuku atabaki na kichwa chake na sisi tutabaki marafiki. Usiponijibu, nitahesabu umekataa."

Barua nzuri, wala hakuna wa kuitia kasoro. Tatizo lilikuwa mikono yake, haikujua kusubiri. Alichapa sampuli moja, aone kama rangi ya uso inaendana na shingo ya kuku. Wino ulikuwa mbichi, naye akafanya kama anavyofanya kila kazi: akaibana dirishani, picha ikitazama barabara, jua liikaushe. Kisha akarudi kwenye mashine. Kuku akakonyeza wapita njia asubuhi nzima, na chini ya kucha zake maandishi mekundu, ambayo fundi aliyaweka kwa mazoea ya kazi, yalisema: Karibuni dukani kwa Dada Cherehani, nyuma ya soko la mboga.

Mchana simu ikalia, jibu la Dada Cherehani limeingia:

"Dada yangu, nimecheka mpaka machozi. Lakini hapana, tafadhali. Sijawahi kukwambia kwa nini nilihamia huku na cherehani yangu tu. Nilimkimbia mume. Aliapa akinipata ataniua, na najua bado anazunguka akiuliza. Mtu mwenyewe hana kidole gumba mkono wa kushoto, ukimwona niambie. Uso wangu usitokee popote. Usinikasirikie."

Fundi akatupa simu mezani na kukimbilia dirishani.

Nje ya kioo alisimama mwanamume aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa ameinua simu yake, akilipiga picha bango. Mkono ulioishika ulikuwa wa kushoto, na ulikuwa na vidole vinne.

Fundi akalinyofoa bango, likachanika katikati ya uso. Yule mwanamume akamtikisia kichwa kwa heshima, kama anayeshukuru, akashika njia ya sokoni. Hakuwa na haraka.

Fundi akampigia rafiki yake. Simu ikaita, ikaita tena. Dada Cherehani alikuwa ameshajibu barua, roho yake imetulia, amerudi kushona. Na akishona, kelele za cherehani humzuia kusikia simu, hata mlango ukifunguliwa nyuma yake.